Uzi: Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu kweli, au ni tahadhari za wazungu tu?

Mpishi_Ugenini
Habari zenu wanajukwaa. Niko Uingereza, nimenunua chungu cha umeme, kile cha kupika taratibu usiku kucha. Nilipanga kuweka nusu kilo ya maharage mekundu makavu pamoja na maji, kitunguu na nyanya saa 4 usiku, nikiamka saa 12 yawe tayari. Sasa mfuko wa maharage umeandikwa niyaroweke, nimwage maji, kisha niyachemshe kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuendelea, na onyo la sumu lipo. Nyumbani tumekula maharage maisha yote na sijawahi kusikia mtu kalishwa sumu na maharage. Ni kweli, au kampuni inajikinga na kesi tu? Na kingine: chungu cha kwanza nilishakipika jana bila kuchemsha, saa 8 kwenye moto mdogo. Kipo kwenye friji, sijakigusa. Nitupe?

Mzee_wa_Magadi
Ni kweli ipo, lakini dawa yake ni rahisi. Sumu inatoka kwenye maji. Roweka usiku, mwaga, roweka tena saa mbili, mwaga tena, osha. Yale maji mekundu ndiyo yenye shida. Ukishayamwaga mara mbili pika unavyotaka, hata kwenye hicho chungu chako. Bibi zetu walikuwa wanamwaga maji ya kwanza, hawakuwa wajinga.

Tumbo_Jepesi
Mimi yananijaza gesi kila nikila, hasa usiku. Ndiyo hiyo sumu? Nimeambiwa niweke tangawizi.

Lishe_Kwanza
Nianze na Tumbo_Jepesi ili tusichanganye mambo. Gesi inaletwa na sukari fulani za kwenye maharage ambazo utumbo wetu mwembamba hauwezi kuzivunja, zinafika utumbo mpana na bakteria wanazichachusha. Hiyo ni kero, si sumu, na inakuja hata kwa maharage yaliyoiva mpaka yakapondeka. Kumwaga maji ya kuroweka kunaipunguza.

Anachouliza Mpishi ni kitu kingine kabisa. Ni protini inayoitwa faitohemaglutinini, iko kwenye kundi la lektini. Mharage unaitengeneza na kuiweka ndani ya mbegu, na kati ya maharage yote tunayokula, mekundu makubwa ndiyo yanayoongoza. Wanaipima kwa uwezo wake wa kugandanisha chembe nyekundu za damu. Maharage mekundu mabichi yanasoma vizio 20,000 hadi 70,000, yakiiva kabisa yanashuka hadi 200 au 400. Maharage meupe ya aina hiyohiyo yana kama theluthi moja ya mekundu. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima.

Mzee wangu, kuhusu maji uko sahihi nusu. Sehemu ya lektini inatoka kweli kwenye maji ya kuroweka, ndiyo maana tunayamwaga. Lakini kubwa inabaki ndani ya punje. Mwaka 1976 huko huko Uingereza wavulana wa shule waliokuwa likizoni walikula maharage mekundu yaliyorowekwa tu, bila kupikwa, wakaugua. Kuroweka walikuwa wamefanya. Kilichokosekana ni moto. Kati ya mwaka huo na 1989 nchi hiyo iliorodhesha matukio 50 yaliyoshukiwa kuwa ya maharage mekundu, kwa hiyo maandishi ya kwenye mfuko hayakuzuka hewani.

Mpishi_Ugenini
Asante mkuu. Lakini chungu changu nacho ni moto, na ni saa 8! Moto mdogo kwa saa 8 si sawa na moto mkali kwa nusu saa?

Lishe_Kwanza
Hapo ndipo watu wengi wanakwama, nami nieleze polepole.

Protini hii imekunjwa kama uzi uliosokotwa kwa fundo. Ikikunjwa hivyo inaweza kung'ang'ania sukari zilizo kwenye ngozi ya ndani ya utumbo, na vimeng'enya vya tumbo haviwezi kuimeng'enya. Joto kali linafumua fundo, na ikishafumuka haishiki tena. Ute wa yai unafumuka na kuganda ukifika nyuzi 80 hivi. Lektini ya maharage ni kaidi kuliko ute wa yai. Kwenye nyuzi 80 inavumilia muda mrefu, lakini kwenye 100 inakwisha ndani ya dakika chache. Hesabu ya "moto kidogo kwa muda mrefu" inafaa kwa kulainisha nyama, hapa haifai, kwa sababu tofauti ya nyuzi 20 inabadilisha kila kitu.

Vyungu vya kupika taratibu vilipopimwa vikiwa na mchuzi wa maharage, mara nyingi katikati ya chakula haikuvuka nyuzi 75. Na kuna jambo la kuogopesha zaidi: maharage yaliyopashwa hadi 80 tu yameonekana kuwa makali hadi mara tano kuliko mabichi. Mtu anayekula mabichi atatema, ni magumu na yana ladha mbaya. Anayekula ya chunguni atakula sahani nzima, maana yamelainika.

Zamu_ya_Usiku
Hilo la mara tano mimi nalipokea kwa tahadhari. Sikatai kwamba vipimo vimeonyesha hivyo, ila inawezekana lektini haikuongezeka bali punje iliyolainika inaiachia kirahisi wakati wa kupima. Kwa mlaji haileti tofauti, matokeo ni kutapika tu.

Niongeze upande wa mgonjwa. Kichefuchefu kikali kinaanza saa 1 hadi 3 baada ya kula, kutapika kunafuata na kunaweza kuwa kukali sana, kuhara kunakuja baadaye, na wengine wanaumwa tumbo. Kwa kawaida ndani ya saa 3 au 4 tangu dalili zianze mtu anaanza kupata nafuu. Hakuna dawa ya kuiua hiyo sumu mwilini. Kazi ni kurudisha maji na chumvi: ORS pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama, kwa vijiko vidogo vidogo, hata kama anatapika. Mtoto mdogo, mzee, mjamzito, au yeyote ambaye hakai na maji tumboni, hakojoi, au ametapika damu, apelekwe hospitali mara moja. Na kama hali imeendelea zaidi ya siku moja au kuna homa, acheni kulaumu maharage, tafuteni kingine.

Jikoni_Shuleni
Nilitaka kuuliza kuhusu hizo saa. Watoto wakila wali maharage mchana wakatapika saa 9, tunajuaje kama ni maharage?

Zamu_ya_Usiku
Swali zuri, na jibu lake si rahisi. Wali uliolala nje ya friji unaweza kuwa na sumu ya bakteria aina ya *Bacillus cereus*, nayo inatapisha ndani ya saa 1 hadi 6. Saa zinafanana kabisa. Uliza kwanza nani alikula nini. Kama waliokula wali peke yake wako salama na waliokula maharage wote wanatapika, mwelekeo unaonekana. Kisha chukua maharage yaliyobaki sufuriani, yapasue kwa kucha. Ukikuta kiini cheupe cha ungaunga, au punje inakatika kwa mlio, hayakuiva. Ila yakiwa laini hilo halithibitishi kwamba ni salama, kama Lishe_Kwanza alivyosema kuhusu chungu cha umeme. Hakuna kipimo cha nyumbani. Weka sampuli ya kila chakula kwenye friji ili maabara ipate cha kupima.

Na huku kwetu kuna la tatu: maharage ya mbegu yaliyotiwa dawa. Mara nyingi yamepakwa rangi ya waridi au nyekundu ili watu wasiyale. Rangi ikitoka kwenye maji ya kuoshea kama wino, tupa yote. Kuchemsha hakuondoi dawa hiyo.

Jikoni_Shuleni
Asante daktari. Kwetu tunapika kilo 10 kwa mara moja, sufuria la lita 80, kuni. Tunaroweka usiku kwa maji mara tatu ya maharage, asubuhi tunamwaga na kuweka mapya. Ninachosisitiza kwa wapishi wenzangu ni povu. Maharage yanatoa povu jingi kabla maji hayajachemka, na mpishi mwenye haraka akiona povu limepanda anasema "yameshachemka" na kuanza kuhesabu. Toa povu kwa kijiko, angalia chini yake. Kuchemka ni pale maji yanapotokota uso mzima, siyo pembeni tu palipo na moto. Kwenye sufuria kubwa pembeni panatokota huku katikati bado, hivyo koroga kutoka chini, subiri litokote tena lote, ndipo uangalie saa.

Jambo jingine ni kuonja. Mpishi anaokota punje tano sita kila baada ya dakika chache kuangalia kama yameiva. Kama ni ndani ya nusu saa ya kwanza, hizo punje tano ndizo zilizotajwa hapo juu. Bana punje kwa vidole, usionje.

Mzee_wa_Magadi
Nimekubali suala la maji. Lakini magadi je? Ukiweka magadi maharage yanaiva nusu ya muda. Si ina maana na sumu inakwisha haraka?

Lishe_Kwanza
Mzee, magadi yanalegeza gundi inayoshikanisha chembe za harage, kwa hiyo punje inalainika mapema. Kulainika ni jambo moja, sumu kuisha ni jambo jingine, na hayatembei pamoja. Harage la zamani lililokaa ghalani kwenye joto linaweza kuchemka saa tatu likabaki gumu, ilhali lektini yake ilikwisha mapema sana. Na harage lenye magadi linaweza kulainika ukaona limeiva. Kwa sufuria la kawaida hakuna shida, maana hata kwa magadi utachemsha zaidi ya nusu saa. Hatari ni mtu kuweka magadi ili aepuke kuchemsha. Tena magadi yanapunguza vitamini B1 kwenye maharage, kwa hiyo mimi napendelea kuroweka.

Hapa pia ndipo penye jibu la Mpishi kuhusu kutosikia habari hizi nyumbani. Makande, githeri na maharage ya kila siku vinakaa jikoni saa mbili au zaidi vikitokota. Tulikuwa tunaua lektini bila kuijua. Chungu cha umeme ndicho kilichoondoa ile hatua.

Kapu_la_Nyumbani
Mimi natumia kapu la kuhifadhi joto, lile lenye pamba na blanketi ndani. Nachemsha maharage dakika 10, nafunika, naweka kapuni, narudi jioni. Gesi yangu inakaa karibu miezi miwili. Mnataka kuniambia nimekuwa nikila sumu?

Lishe_Kwanza
Inategemea mambo matatu, dada. Kwanza, uliroweka? Punje kavu inachelewa kupata moto na maji mpaka katikati. Pili, hizo dakika 10 ulizianza lini, povu lilipopanda au uso wote ulipotokota? Tatu, sufuria lilikuwa limejaa kiasi gani? Lililojaa linaingia kapuni karibu na nyuzi 95 na kushuka polepole. Lililojaa nusu linapoa haraka sana.

Kama unaroweka usiku kucha na kuchemsha kwelikweli, dakika 10 zinaondoa sehemu kubwa kabisa ya lektini, na huo ndio ushauri wa Uingereza. Wamarekani wanashauri dakika 30, siyo kwamba dakika 10 hazitoshi kuiua, bali ili kuwa na uhakika kwamba kila punje imefikia joto hilo mpaka kiini. Kwa kapu mimi ningefuata 30. Gesi ya dakika 20 zaidi ni ndogo, na maharage yatatoka kapuni yakiwa laini zaidi. Kwa maharage yasiyorowekwa usitumie kapu kabisa.

Nyanda_za_Juu
Huku kwetu Njombe maji yanachemka kabla ya kufika 100. Dakika 10 za mfuko wa Uingereza zinatutosha?

Lishe_Kwanza
Kila mita 300 za mwinuko zinakatia maji karibu nyuzi moja. Nairobi maji yanatokota karibu na nyuzi 94, na kwenu ni chini kidogo ya hapo. Bado ni juu ya 80, kwa hiyo lektini inakufa, ila taratibu zaidi. Dakika 10 msizitumie. Chemsheni nusu saa kama chini kabisa, na sufuria la presha ndilo rafiki yenu, linavuka 100 popote ulipo.

Unga_na_Uji
Naomba niingilie, maana sufuria si mahali pekee. Kuna akina mama wanasaga unga wa lishe: mahindi, ulezi, karanga, na maharage yaliyokaangwa kidogo au makavu kabisa. Uji unapikwa dakika 10 na kupewa mtoto wa miezi minane. Mimi nalipigia kelele hili kila siku mashineni.

Kukaanga kavu hakufanyi kazi kama maji. Japani mwaka 2006 kipindi kimoja cha televisheni kilifundisha watu wanaotaka kupungua kukaanga maharage meupe dakika tatu, kuyasaga na kunyunyiza juu ya wali. Mamia ya watu walitapika na kuhara. Na hayo yalikuwa meupe, yenye lektini kidogo kuliko mekundu.

Mkitaka maharage kwenye unga: chagua, osha, roweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa kutokota dakika 30 au zaidi, menya ngozi ukipenda, anika juani mpaka yakatike kwa mlio, ndipo yapelekwe kusagwa. Unga huo hata uji ukipikwa haraka hauna shida ya lektini.

Zamu_ya_Usiku
Nakuunga mkono. Mtoto wa umri huo anakauka maji ndani ya saa chache.

Mpishi_Ugenini
Mmenifungua macho. Naomba sasa mnipe hatua za kwangu, nusu kilo, maana chungu nimeshakinunua. Na kile cha kwenye friji?

Jikoni_Shuleni
Nusu kilo: roweka jioni kwa lita moja na nusu ya maji, yatakunywa na kuvimba karibu mara mbili. Asubuhi mwaga, suuza. Weka kwenye sufuria la kawaida na lita mbili za maji mapya, moto mkubwa, funika nusu maana povu litamwagika. Toa povu. Yakitokota uso wote, angalia saa, dakika 30 bila kushusha moto. Maji yakipungua ongeza ya moto, siyo ya bomba. Kisha mimina maharage na maji yake yakiwa bado yanatokota kwenye chungu cha umeme ulichokipasha, moto mkubwa, saa 3 au 4. Nyanya, ndimu na chumvi weka yakishalainika, maana uchachu wa nyanya unayakaza. Kama ni ya nazi, tui liingie mwisho.

Cha friji mimi ningetupa. Maharage ni bei rahisi kuliko hospitali.

Lishe_Kwanza
Hapa natofautiana na mpishi. Lektini haifanani na sumu ya bakteria inayovumilia kuchemshwa. Ikifumuka imefumuka. Kama yaliingia friji mapema baada ya chungu kuzimwa, yamimine kwenye sufuria, ongeza maji, koroga mpaka yatokote yote, dakika 30. Yatapondeka, lakini utapata mchuzi mzito mzuri. Kama yalikaa mezani saa nyingi kabla ya friji, hapo nakubaliana naye, tupa, kwa sababu ya bakteria.

Jikoni_Shuleni
Kwa mtu mzima anayejua anachofanya, sawa. Kwa watoto bado ningetupa.

Tumbo_Jepesi
Na ya kopo je? Huwa nayala moja kwa moja kwenye saladi.

Lishe_Kwanza
Ya kopo yameshapikwa ndani ya kopo kwa mvuke wa presha, unaweza kuyala bila kuyapika tena. Yanayohitaji moto ni makavu, yaliyochumwa mabichi kwenye maganda, na yaliyooteshwa machipukizi.

Kapu_la_Nyumbani
Nimepima leo kwa kipimajoto cha maziwa. Sufuria limejaa robo tatu, nilichemsha dakika 30. Kuingia kapuni 94, baada ya saa 4 ni 78. Maharage yameiva vizuri. Kwa hiyo kazi yote ya sumu ilibidi iishe kabla ya kufunika, kapu linalainisha tu.

Mzee_wa_Magadi
Swali langu moja bado. Maharage ya njano, na yale tunayoyaita soya njano ingawa si soya halisi, tunayolima huku, na haya ya madoadoa ya Rosekoko, yana kiasi gani? Mmesema mekundu na meupe tu.

Lishe_Kwanza
Yote ni aina moja ya mmea, *Phaseolus vulgaris*, na yote yana lektini hiyo. Kiasi kinatofautiana kati ya mbegu na mbegu, na namba za aina zetu za sokoni sina za kukupa. Mimi nayapika yote kwa kanuni ya mekundu.